Duka la Leso Likitaka Tovuti

Tuseme duka la leso la Barabara ya Biashara, Mombasa, limezidiwa na oda za WhatsApp, na mwenyewe sasa anataka tovuti. Anaweza kukodi duka lililo tayari, kama Shopify. Anaweza kupangisha seva, akaweka WordPress na programu yake ya duka, WooCommerce. Au amlipe fundi aandike kila kitu upya. Wengi huchagua kwa sura ya ukurasa. Mimi ningeanza na pesa inavyoingia.

Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haifanyi kazi Kenya, kwa hiyo M-Pesa hupokelewa kupitia kampuni nyingine. Kwa kufanya hivyo, mpango wa Basic hukata asilimia 2 ya kila mauzo, mbali na ada ya mwezi na makato ya kampuni hiyo. Ukiuza vya shilingi 100,000 kwa mwezi, ni 2,000, bei nafuu ya kulala bila wasiwasi wa seva. Ukifika milioni moja ni 20,000, na hapo hesabu inaanza kuuma.

WooCommerce haikati asilimia hiyo, ila mzigo unakuwa wako. Mteja akishaweka namba ya siri kwenye simu, Safaricom hutuma jibu la malipo kwenye anwani maalumu ya tovuti yako. Seva ikiwa imezima, au plagini ya malipo ikivurugika baada ya kusasishwa, jibu halipokelewi. Pesa imeingia, lakini oda imebaki `Pending payment`, na leso hazitoki dukani. Kosa hili halipigi kelele, kwani tovuti inafunguka vizuri tu. Utaligundua kwa kulinganisha kila jioni taarifa ya M-Pesa na orodha ya oda. Chagua plagini inayoweza kuuliza tena hali ya muamala, na kila sasisho lijaribiwe kwanza kwenye nakala ya tovuti.

Na fundi wa kuandika upya? Bei ya jumla kwa korja si sababu ya kumwita. Plagini za kazi hiyo zipo. Mwite pale jozi ya mwisho inapouzwa mara mbili, kaunta na mtandaoni, kwa sababu mfumo wa kaunta hauzungumzi na tovuti. Hata hapo, mwambie aandike kiungo hicho tu.

Ukihama Shopify kwenda WooCommerce, orodha ya bidhaa na wateja hutoka kwa faili la CSV. Sura ya duka na nywila za wateja hubaki. Anwani nazo hubadilika:

```
/products/leso-nyekundu  →  /product/leso-nyekundu
```

Fundi aelekeze kila anwani ya zamani kwenye mpya kwa alama ya 301, la sivyo mteja aliyetoka Google atakutana na ukurasa usiokuwepo. Ili uwe na uhakika wa hilo, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi.