Dalali Anapodai Dhamana Zaidi: Yanayomkuta Aliyeuza Opsheni

Katika biashara nyingi mtu hutoa pesa kwanza, kisha akasubiri faida. Anayeuza opsheni hufanya kinyume: hupokea pesa siku ileile ya kwanza, na wajibu wake ukabaki mbele. Ndiyo maana ujumbe wa dalali unaodai dhamana zaidi huwashtua wengi. Ada walishalipwa, mkataba haujafika mwisho, na bado hakuna aliyewadai hisa hata moja. Kwa nini basi akaunti idaiwe leo?

Jibu limo katika hesabu, nayo si ngumu. Tuifanye kwa kanuni za Marekani, ambako soko rasmi la opsheni za hisa lilifunguliwa Chicago mwaka 1973. Kanuni hizo ndizo anazokutana nazo hata mtu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyefungua akaunti kwa dalali wa nje kupitia simu yake.

Opsheni ya kuuza humpa mnunuzi haki ya kuuza hisa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hata kama bei ya sokoni imeporomoka. Aliyemuuzia haki hiyo amejivika kazi ya kampuni ya bima: amepokea ada, na ajali ikitokea atailipia yeye. Mkataba mmoja ni wa hisa 100.

Tuseme hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 100. Mfanyabiashara anaamini haitashuka chini ya 95 katika wiki chache zijazo, kwa hiyo anauza mikataba mitano ya opsheni ya kuuza kwa bei hiyo ya 95. Kila mkataba unamwingizia dola 200, yaani dola 2 kwa kila hisa. Alikuwa na dola 10,000 kwenye akaunti, na sasa zinasomeka 11,000.

Lakini pesa hizo zote si zake kuzitumia atakavyo. Sehemu yake inashikiliwa kuwa dhamana. Kanuni ya kawaida inasema: chukua bei ya sasa ya opsheni, ongeza asilimia 20 ya bei ya hisa, kisha punguza umbali uliopo kati ya bei ya hisa na bei ya mkataba, ikiwa hisa bado iko juu ya bei hiyo. Kuna kiwango cha chini kisichoweza kuvukwa, lakini katika mfano huu hakitugusi. Kwa mkataba mmoja tunapata 200, ongeza 2,000, toa 500: dola 1,700. Mikataba mitano inashikilia 8,500. Akaunti ina 11,000, kwa hiyo ziko 2,500 za kupumulia. Mambo yanaonekana shwari.

Baada ya siku chache kampuni inatoa taarifa mbaya, na hisa inaangukia dola 88. Hapo dhamana inapanda, na mambo matatu yanaieleza. Kwanza, opsheni yenyewe imepanda bei. Mwenye haki ya kuuza kwa 95 kitu cha 88 tayari ana dola 7 mkononi, na kwa kuwa soko limeingiwa na hofu, watu wako tayari kumlipa zaidi ya hapo. Tuseme dola 9. Pili, lile punguzo la dola 500 limefutika, maana hisa imeshapita chini ya bei ya mkataba. Tatu, ile asilimia 20 ambayo ni kinga dhidi ya anguko la kesho bado inadaiwa karibu yote: 1,760. Jumla kwa mkataba mmoja ni 2,660, na kwa mitano ni 13,300. Akaunti ina zile zile 11,000. Pengo ni dola 2,300, na ujumbe unatumwa.

Hapa ndipo wengi hukosea kuelewa. Hisa imeshuka kwa asilimia 12, lakini dhamana imepanda kwa zaidi ya asilimia 56. Tena si lazima hisa ishuke sana. Hofu peke yake ikizidi sokoni, kwa mfano siku chache kabla ya kampuni kutangaza mapato yake, opsheni hupanda bei huku hisa ikiwa pale pale, na dhamana hupanda nayo. Dalali naye ana ruhusa ya kudai zaidi ya kiwango cha kanuni, na mara nyingi hufanya hivyo katika siku za misukosuko, yaani siku ile ambayo mteja hana nafasi.

Kwa nini dalali asisubiri hadi mkataba uishe, pengine hisa ikarudi 95 na kila mtu akabaki salama? Kwa sababu mnunuzi wa opsheni hamtegemei muuzaji huyu. Kati yao limesimama shirika liitwalo Options Clearing Corporation, linalohakikisha kila mkataba utalipwa, nalo humdai dalali dhamana kila siku. Muuzaji akishindwa, dalali ndiye atakayelipa kutoka mfukoni mwake. Anachopima dalali ni gharama ya kuufunga mkataba huu leo, na hasara inayoweza kuongezeka kabla hajawahi kuufunga. Matumaini ya mteja hayamo katika hesabu hiyo.

Sasa afanye nini? Njia inayokuja akilini kwanza ni kuweka dola 2,300. Ni halali, na ikiwa mtu alikwisha tenga pesa hizo tangu mwanzo na bado anaitaka hisa ile kwa 95, haina ubaya. Lakini aangalie kinachofuata. Hisa ikiendelea hadi 80, na opsheni ikafika dola 15.50, dhamana ya mikataba mitano inakuwa 15,750. Akaunti, pamoja na nyongeza ile, ina 13,300. Anadaiwa tena 2,450. Pesa alizoweka hazikupunguza hatari hata kidogo, zilimnunulia muda tu.

Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka kwa kuifuata njia hiyo. Nick Leeson, mfanyakazi wake huko Singapore, alikuwa ameuza kwa wingi opsheni za kununua na za kuuza za faharasa ya Nikkei ya Japani, huku akificha hasara katika akaunti namba 88888. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliyumbisha soko la Tokyo, naye akazidi kununua mikataba ya baadaye ya faharasa hiyo hiyo. Kila soko la Singapore lilipodai dhamana, London ilituma pesa bila kuuliza vya kutosha zinakwenda kuziba nini. Mwishoni mwa Februari benki ikafa kwa hasara ya pauni milioni 827 hivi, na kampuni ya ING ya Uholanzi ikainunua kwa pauni 1.

Njia ya pili ni kununua tena opsheni alizouza, zote au baadhi. Kuzifunga zote tano kunagharimu 4,500, na kwa kuwa alipokea 1,000, hasara yake ni 3,500. Inauma, lakini inaishia hapo. Si lazima azifunge zote. Akifunga mbili anatumia 1,800, akaunti inabaki na 9,200, na mikataba mitatu iliyobaki inadai 7,980. Wito umekwisha, ingawa nafasi iliyobaki ni finyu.

Iko njia nyingine ambayo naona haitumiki vya kutosha: kununua opsheni ya kuuza yenye bei ya chini zaidi, tuseme ya 85, inayokwisha siku ile ile. Ikiwa inauzwa dola 3, mikataba mitano itamgharimu 1,500. Tangu hapo hisa ikianguka hata hadi sifuri, atakachowajibika nacho ni tofauti ya 95 na 85, yaani dola 10 kwa hisa. Kwa hiyo dhamana inashuka kutoka 13,300 hadi 5,000, wakati akaunti bado ina 9,500. Ukijumlisha gharama zote na kutoa ada aliyopokea, hasara yake kubwa kabisa ni 5,500, nayo anaijua leo. Ubaya ni kwamba ananunua kinga wakati ambapo bei yake imeshapanda, na hisa ikirudi juu, zile 1,500 zitayeyuka.

Wengine husogeza mkataba mbele: hununua ule wa 95, kisha huuza mwingine wa miezi michache ijayo wenye bei ya chini, mathalani 85. Husifiwa sana, lakini tupige hesabu. Akitoa 4,500 na kupokea dola 5 kwa kila hisa, yaani 2,500, akaunti inakuwa 9,000. Mikataba mipya inadai 9,800. Bado anapungukiwa 800, na hasara ya mikataba ya kwanza ameshaikubali. Ili njia hii itoshe, itabidi asogeze mikataba minne badala ya mitano. Kusogeza ni kufunga biashara moja na kuanza nyingine, na swali ni kama angeianza hiyo ya pili leo angekuwa hana kidonda cha ile ya kwanza.

Anaweza pia kuacha akabidhiwe hisa. Hilo linahitaji pesa ya kweli: hisa 500 kwa dola 95 ni 47,500, na akaunti ya 11,000 haiwezi kuzibeba. Isitoshe, opsheni za hisa za Marekani zinaweza kudaiwa siku yoyote kabla ya mwisho, kwa hiyo kukabidhiwa si jambo analolipangia tarehe.

Asipochagua, atachaguliwa. Madalali wengine hutoa siku moja au kadhaa, wengine mfumo wao wa kompyuta huanza kufunga mikataba mara tu nafasi inapoisha, bila kupiga simu. Mfumo hununua kwa bei iliyopo, hata katika dakika za kwanza za soko, wakati pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia limepanuka na kila senti ya pengo hilo ni hasara ya mteja. Kwa Afrika Mashariki, soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja na nusu Marekani wanapokuwa katika saa za baridi, na hufungwa usiku. Asiyetazama skrini jioni anaweza kuamka na kukuta kazi imeshafanywa.

Dalili ya mapema haipo kwenye faida na hasara. Ipo kwenye nafasi iliyobaki juu ya dhamana, ambayo kwa baadhi ya madalali huandikwa `Excess Liquidity`. Mfanyabiashara wetu alikuwa na 2,500. Kabla ya kuuza opsheni, rudia hesabu hii ukiishusha hisa kwa asilimia 20 na kuipandisha bei ya opsheni ipasavyo. Kama jibu ni pengo usiloweza kuliziba, uza mikataba michache zaidi, au nunua ile ya chini siku hiyo hiyo ya kwanza, ingali rahisi.