Hodi Tatu Kabla ya Herufi ya Kwanza

Chukua kiangulio cha mayai chenye skrini ndogo ya LCD, ile ya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja, inayoendeshwa na bodi ya Arduino. Ukichomeka umeme, skrini inaandika JAMBO. Ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, zinatokea alama za ajabu, miongoni mwake herufi za Kijapani. Chomoa umeme, chomeka tena: JAMBO imerudi. Fundi wengi hapo hulaumu nyaya au hununua skrini nyingine, ilhali kosa limo kwenye mistari michache ya mwanzo wa programu.

Skrini nyingi za aina hii hufuata kanuni za chipu ya Hitachi HD44780. Chipu hiyo inapokea baiti moja, yaani biti nane, kwa kila amri au herufi. Ili kuokoa pini za bodi, tunaunganisha nyaya nne tu za data, D4 hadi D7, na kila baiti tunaipeleka kwa mafungu mawili: nusu ya juu kwanza, kisha nusu ya chini. Herufi J ni `0x4A`, kwa hiyo inakwenda 4, halafu A.

Kinachoiambia chipu kwamba fungu liko tayari ni pini ya E. Unaweka biti nne kwenye nyaya, unapandisha E, kisha unaishusha. Chipu huchukua data pale E inaposhuka. Kwa umeme wa volti 5, E inapaswa kukaa juu kwa nanosekunde 230 au zaidi; umeme ukiwa chini ya volti 4.5, kiwango hicho ni 450. Amri ya kawaida ya Arduino, `digitalWrite`, ni ya polepole kiasi kwamba huwezi kukosea. Lakini anayeandika moja kwa moja kwenye pini kwa maagizo ya `sbi` na `cbi`, kwenye bodi ya megahezi 16, anapata pigo la nanosekunde 125 tu. Huenda skrini ikafanya kazi leo na kesho ikaruka fungu. Subiri mikrosekunde moja kabla ya kushusha E, na shaka imekwisha.

Turudi kwenye kiangulio. Umeme unapoingia, chipu huamka ikiwa katika hali ya biti nane. Programu yetu ilipeleka 2 mara moja, amri ya kuhamia biti nne, na mambo yakaenda sawa. Lakini kitufe huanzisha upya bodi peke yake. Skrini haikupoteza umeme, hivyo bado iko katika biti nne. Safari hii ile 2 inahesabiwa kuwa nusu ya kwanza ya baiti, na kila kinachofuata kinasogea kwa nusu. Ile 4 ya J inamezwa kumalizia baiti iliyotangulia. A inaungana na 4 ya herufi inayofuata kuwa `0xA4`, alama ya Kijapani. M na B nazo zinazaa `0xD4`, herufi ya Kijapani, na B na O zinazaa `0x24`, alama ya dola. Dalili ya ugonjwa huu ni kwamba ukibonyeza kitufe mara ya pili, maandishi huweza kupona yenyewe.

Dawa ni kupiga hodi tatu kwa 3, amri ya kuhamia biti nane:

```c
delay(50);
nusu(0x3); delay(5);
nusu(0x3); delayMicroseconds(150);
nusu(0x3); delayMicroseconds(150);
nusu(0x2); delayMicroseconds(150);
```

Hapa `nusu` ni kazi inayoweka biti nne na kupiga E mara moja. Kwa nini tatu? Kama chipu iko katika biti nane, kila 3 inaiacha hapo hapo. Kama iko katika biti nne, 3 mbili za kwanza zinaungana kuwa `0x33`, nayo inahamia biti nane. Kama ilikuwa inasubiri nusu ya pili, 3 ya kwanza inakamilisha baiti hiyo ya zamani, na mbili zinazobaki zinafanya kazi. Baiti hiyo ya zamani yaweza kuwa amri ndefu, mathalani ya kurudisha kishale mwanzo. Ndiyo maana baada ya hodi ya kwanza tunangoja zaidi ya milisekunde 4.1.

Baada ya 2 ndipo amri zinapelekwa kwa nusu mbili: `0x28` ya mistari miwili, `0x0C` ya kuwasha, `0x01` ya kufuta na `0x06` ya kusogeza kishale. Ile ya kufuta ipe milisekunde mbili. Nyingine mikrosekunde 50 zinatosha. Ukiona mstari wa juu umejaa vibox vyeusi na wa chini mtupu, umeme unafika lakini hodi hazijasikika: kagua E kwanza.