Ruta ikizimwa ugawaji wa anwani: Intaneti ipo, vifaa havifiki

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WATU wengi mtandao wa ofisi au nyumbani unapokatika hufikiria kwanza kampuni inayowauzia intaneti. Hupiga simu ya huduma kwa wateja, hulalamika, na wakichoka kusubiri hubonyeza kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta kinachoirudisha katika hali ya kiwandani. Hata hivyo, ipo hitilafu moja ambayo kampuni hiyo haihusiki nayo kabisa, na ambayo kitundu hicho kinaweza kuifanya kubwa zaidi.

Hitilafu hiyo hutokea pale huduma ya ruta ya kugawa anwani inapozimwa wakati mtu anabadilisha mipangilio. Taa zote za ruta huendelea kuwaka kama kawaida. Jina la mtandao huonekana kwenye simu na neno la siri hukubaliwa, lakini kila kifaa kinachojaribu kuingia hubaki nje.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kujua kazi ya huduma hiyo, ambayo kwenye kurasa za ruta huandikwa DHCP. Kila kompyuta, simu au printa iliyo kwenye mtandao inahitaji namba yake peke yake ya kutambulika, yaani anwani ya IP. Kifaa kinapoingia hakina namba hiyo. Hupaza sauti kwa wote waliomo kuuliza nani anaweza kukipa anwani. Ruta hujibu kwa kupendekeza moja, kifaa huiomba rasmi, na ruta huithibitisha. Mazungumzo hayo ya hatua nne huchukua muda mfupi mno, na mtumiaji hana habari nayo.

Kabla ya utaratibu huo kutangazwa mwaka 1993, mafundi wengi walilazimika kuandika anwani ya kila kompyuta kwa mkono na kuweka daftari la kumbukumbu ili namba moja isitolewe mara mbili. Ruta ya kisasa ndiyo iliyochukua kazi ya daftari hilo. Ikizimwa huduma hiyo, kifaa huuliza na hakuna anayejibu.

Dalili hutofautiana kwa aina ya kifaa. Simu nyingi hukaa kwenye maneno "Obtaining IP address" kwa sekunde kadhaa, kisha hukata tamaa na kuanza upya. Kompyuta yenye Windows haikati tamaa kimya kimya, bali hujipa yenyewe anwani ya dharura inayoanza na 169.254, kwa kufuata kanuni iliyochapishwa mwaka 2005. Mtumiaji akifungua dirisha la amri na kuandika `ipconfig`, ataona kitu kinachofanana na hiki:

```
Autoconfiguration IPv4 Address. . : 169.254.87.12
Subnet Mask . . . . . . . . . . . : 255.255.0.0
Default Gateway . . . . . . . . . :
```

Mstari wa mwisho, ambao unapaswa kuonyesha anwani ya ruta, uko mtupu. Kompyuta hiyo haijui mlango wa kutokea ulipo. Inaweza hata kuzungumza na kompyuta nyingine iliyojipa anwani ya aina hiyo hiyo, na wahusika wakaendelea kubadilishana mafaili humo ndani huku wakiamini kwamba mtandao wao ni mzima na tatizo liko kwa mtoa huduma.

Chanzo kinachoeleweka zaidi cha mkasa huu ni nia njema ya kuongeza ruta ya pili. Chukulia duka la uchapishaji na kunakili lenye kompyuta nne, printa moja na chumba cha nyuma ambako mawimbi hayafiki. Mwenye duka ananunua ruta nyingine aiweke huko. Ushauri anaopewa ni sahihi: ruta ya pili izimwe ugawaji wa anwani, kwa sababu zikigawa mbili katika mtandao mmoja, vifaa vingine vitapewa njia isiyofika popote.

Tatizo ni kwamba ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani moja, mara nyingi 192.168.1.1. Mwenye duka anaandika namba hiyo kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka, anaingia sehemu iliyoandikwa LAN, anaondoa alama mbele ya DHCP na kuhifadhi. Ukurasa aliofungua, kwa bahati mbaya, ni wa ruta ya kwanza, kwa kuwa kompyuta yake bado ilikuwa imeunganishwa na hiyo. Ruta iliyokuwa ikilihudumia duka zima ndiyo iliyonyamazishwa.

Linalowachanganya watu hapa ni kwamba si kila kitu hukatika papo hapo. Anwani haitolewi moja kwa moja bali hukodishwa, na kwenye ruta nyingi za nyumbani muda wa ukodishaji ni saa 24. Muda ukifika nusu, kifaa humwomba aliyekikodisha aongeze. Asipojibu, kifaa huendelea kutumia anwani na kujaribu tena. Ikishatumika sehemu saba kati ya nane za muda, huomba kwa yeyote aliyepo. Muda ukiisha bila jibu, lazima kiiache anwani.

Tuseme basi mabadiliko yamefanywa Jumatatu saa 10 jioni. Kompyuta ya mapokezi, ambayo imeunganishwa kwa waya na haizimwi usiku, ilipewa anwani saa 2 asubuhi siku hiyo. Saa 2 usiku inaomba kuongezewa, kimya. Saa 11 alfajiri inaomba kwa wote, kimya. Jumanne saa 2 asubuhi inaiacha anwani, na mteja aliyekuja kuchapisha fomu aliyotumiwa kwa barua pepe anaambiwa mtandao hakuna. Simu za wafanyakazi walioingia zamu jioni ile zilikwama tangu wakati huo, lakini zilidhaniwa kuwa ni mbovu au zina mawimbi hafifu.

Saa 16 zimepita kati ya kosa na kukatika kwa kompyuta ya mapokezi. Hakuna tena anayekumbuka kwamba jana kuna mtu aligusa mipangilio, na simu kwa mtoa huduma inapigwa. Huko, akipima laini, anaikuta nzima, kwa sababu kweli ni nzima.

Kuzima ruta na kuiwasha hakusaidii. Mpangilio umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, na ruta itaamka ikiwa vile vile. Kukibonyeza kitundu cha kurudisha hali ya kiwandani kwa takriban sekunde 10 kutairejesha huduma ya kugawa anwani, lakini kwa gharama. Pamoja na jina la mtandao na neno la siri, hufutika pia taarifa alizoweka fundi wa mtoa huduma siku ya kufunga laini. Pale ambapo laini hutumia jina la mteja na neno la siri, utaratibu unaoonekana kwenye ruta kama PPPoE, duka litakuwa limepata anwani na kupoteza intaneti yenyewe, hadi mtoa huduma atakapotoa taarifa hizo upya.

Njia iliyo bora ni kuipa kompyuta moja anwani kwa mkono, ili iweze kuingia ndani ya ruta. Ruta iliyozimwa huduma hiyo bado inasikiliza na bado inapitisha mawasiliano. Imeacha tu kugawa namba. Kwanza itafutwe anwani ya ruta, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Kama ipo kompyuta ambayo bado inafanya kazi, hiyo isizimwe wala isichomolewe, kwa kuwa muda wake wa kukodi haujaisha na inaweza kufungua ukurasa wa ruta bila hatua nyingine yoyote.

Ikiwa zote zimekwama na ruta ni 192.168.1.1, kompyuta yenye Windows iunganishwe na ruta kwa waya, dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, kisha iandikwe amri hii:

```
netsh interface ip set address "Ethernet" static 192.168.1.50 255.255.255.0 192.168.1.1
```

Namba ya kwanza ni anwani ambayo kompyuta inajipa. Mafungu yake matatu ya mwanzo lazima yafanane na ya ruta, na fungu la mwisho liwe namba ambayo hakuna kifaa kingine kinachoitumia. Namba ya katikati inaieleza kompyuta kwamba majirani zake ni wale wenye mafungu matatu yanayofanana. Ya mwisho ni ruta. Neno "Ethernet" ni jina la kiungo cha waya, na kama kompyuta inakiita kwa jina jingine, liandikwe hilo.

Baada ya hapo ukurasa wa ruta hufunguka kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Huduma iwashwe, na kama ruta inadai mwanzo na mwisho wa anwani za kugawa, 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199 zinatosha kwa duka la ukubwa huo. Baada ya kuhifadhi, simu zikizimwa mawimbi na kuwashwa tena hupata anwani mara moja.

Ukurasa wa ruta usipofunguka, kuna uwezekano kwamba anwani ya ruta nayo ilibadilishwa siku ile ile, na hapo ndipo kitundu cha nyuma huwa hakikwepeki. Ikiwa vifaa vya zamani vinafanya kazi na vipya tu ndivyo vinavyokataliwa hata baada ya siku kadhaa, ugonjwa ni mwingine: anwani zilizotengwa zimekwisha, na dawa yake ni kuongeza idadi au kufupisha muda wa kukodi.

Ruta ya pili ya chumba cha nyuma nayo haijaachwa. Kabla ya kuiunganisha na mtandao wa duka, kompyuta ichomekwe kwake peke yake kwa waya, na aina ya ruta inayosomeka juu ya ukurasa ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kasha lake. Ipewe anwani 192.168.1.2, ugawaji wake uzimwe, kisha waya kutoka ruta ya kwanza uingizwe kwenye tundu lake mojawapo lililoandikwa LAN, si lile la WAN.

Kompyuta iliyopewa anwani kwa mkono nayo irudishwe kwenye utaratibu wa kawaida:

```
netsh interface ip set address "Ethernet" dhcp
```

Hatua hiyo husahauliwa mara nyingi, hasa ikiwa ni kompyuta mpakato. Mwenyewe akiipeleka nyumbani, ambako ruta inatumia 192.168.0.1, atachomeka waya na kukuta haipati mtandao huko pia, wakati simu yake iliyo mkononi inaupata bila shida.