Mwalimu mstaafu auliza: michango yetu iko wapi?

Mwalimu mmoja mstaafu ameuandikia mfuko wake wa pensheni, PSSSF ya Tanzania, akiuliza michango imewekezwa wapi na hatari zake ni zipi. Ana haki kabisa ya kuuliza. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza 15, na fedha huwekwa kwenye hatifungani za serikali, hisa, amana za benki na majengo. Jengo likikosa wapangaji, fedha zimekwama humo. Lakini kinachomtisha zaidi ni mfumuko wa bei: pensheni ya shilingi 300,000 isipopandishwa, bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 10 itanunua vitu vya takriban 200,000 za leo. Ndiyo maana anaomba pia ripoti ya tathmini ya uhai wa mfuko.