Kufunika Jina, Kuacha Mfupa

Katika mtihani wa vitendo wa anatomia, mtahiniwa hukuta meza zimepangwa kwa safu, na juu ya kila meza kuna mfupa au kipande cha mwili kilichochomekwa pini au kubandikwa alama yenye herufi. Swali ni fupi: taja kilichooneshwa. Kengele ikilia anahamia meza ya pili, awe ameandika au hajaandika. Hakuna orodha ya majina ya kuchagulia, wala mchoro wa kando wa kumpa mwanga.

Usiku wa kuamkia mtihani huo, wanafunzi wengi hukaa na mchoro uliojaa majina na kuupitisha macho tena na tena. Shida yake ni kwamba jicho husoma jina na umbo kwa pamoja, na akili hupokea sifa ya kujua jambo ambalo jina lililoandikwa pale ndilo limelifanya. Ndiyo maana wengine huchukua mchoro uleule wa kwenye notsi zao, wakafunika majina, na kujiuliza moja baada ya jingine. Kazi hii inaweza kufanywa kwa vipande vya karatasi na gundi. Siku hizi wengi huifanya kwa Anki, programu ya kadi za kujipima iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006. Tangu toleo la 23.10, kazi ya kufunika sehemu za picha imo ndani ya programu yenyewe, na kila kifuniko unachochora huwa kadi moja inayojitegemea. Kadi uliyoikosa hurudi upesi, uliyoipata huondoka kwa siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Vipande vya karatasi haviwezi kukumbuka hesabu hiyo.

Kuzitengeneza kadi hizi ni rahisi mno, na hapo ndipo zinapoharibikia. Mtu anaweza kutengeneza 40 kwa dakika chache, akazijibu zote vizuri kwa mwezi mzima, kisha akasimama mbele ya pini asijue aseme nini. Tuchukue mfano wa mifupa 8 ya kifundo cha mkono, kwa sababu ni midogo, imebanana, na majina yake yanachanganya hata waliosoma.

Mifupa hiyo imekaa kwa safu mbili. Safu iliyo karibu na mkono wa mbele, ukianzia upande wa kidole gumba, ina skafoidi, lunati, trikwetrali na pisifomu. Safu iliyo karibu na vidole ina trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati. Tuseme mwanafunzi ameuchora mkono wa kulia ukionekana upande wa kiganja, akavuta mstari kutoka kila mfupa na kuandika jina mwishoni mwa mstari. Anaupiga picha kwa simu ukurasa ukiwa umelala mezani, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, ili mifupa isipinde na kivuli cha mkono kisiingie. Anakata pembe zisizohitajika. Katika Anki anachagua aina ya kadi iitwayo `Image Occlusion`, anaiingiza picha, kisha anachora mstatili juu ya kila jina. Mfupa wenyewe anauacha wazi, na mstari wa kuelekezea pia, kwa sababu mstari ndio pini yake.

Programu sasa inamtaka achague kati ya namna mbili, na uchaguzi huu ni mzito kuliko unavyoonekana. Ya kwanza ni `Hide One, Guess One`: jina linaloulizwa pekee hufunikwa, mengine 7 hubaki yakisomeka. Ya pili ni `Hide All, Guess One`: majina yote 8 hufunikwa, na lile linaloulizwa huoneshwa kwa rangi tofauti.

Angalia kinachotokea kwa trapeziamu na trapezoidi, mifupa miwili jirani yenye majina yanayokaribiana. Katika namna ya kwanza, kadi ikiuliza trapeziamu, neno trapezoidi liko palepale karibu yake. Mwanafunzi hahitaji kuujua mfupa. Anahitaji kujua tu kwamba kuna majina mawili yanayofanana na moja limeshatajwa. Hata asiyekumbuka lolote anaweza kuhesabu majina 7 yaliyobaki wazi na kutambua lililokosekana. Kadi itamwambia amepata, na itamrudia baada ya wiki mbili ikiamini kwamba anajua. Kwa mtihani wa pini, namna ya pili ndiyo inayofaa: majirani wote kimya, kama watakavyokuwa mezani.

Namna ya kwanza ina mahali pake. Inafaa pale ambapo majirani watakuwepo kweli siku utakapohitaji kujua, kwa mfano hatua za mzunguko fulani ambapo unaambiwa iliyotangulia na kuulizwa inayofuata. Inafaa pia siku mbili tatu za mwanzo, mtu anapokutana na majina kwa mara ya kwanza. Kuendelea nayo baada ya hapo ni kujifurahisha.

Hata majina yote yakifunikwa, kifuniko chenyewe huvujisha jibu. Trikwetrali ni neno refu, hamati ni fupi, na mstatili uliochorwa kwa kufuata neno husema urefu wake. Ubongo hushika ishara hiyo bila kuomba ruhusa: mstatili mrefu wa kushoto, trikwetrali. Dawa yake ni kuchora mstatili mmoja unaotosha jina refu kuliko yote, kisha kuunakili kwa majina mengine. Rangi nazo huvuja. Kama skafoidi imepakwa nyekundu kwenye notsi na haionekani kwingine ila kwa wekundu huo, kinachojifunzwa ni wekundu. Mchoro wa penseli usiopendeza mara nyingi huwa kadi nzuri kuliko ukurasa uliopambwa, jambo ambalo wenye seti za kalamu za rangi hawapendi kuambiwa.

Uvujaji mkubwa zaidi ni wa mahali. Mkono wa kulia ukitazamwa upande wa kiganja, vidole vikielekea juu, kidole gumba kiko kulia kwa mtazamaji, kwa hiyo skafoidi iko chini kulia. Baada ya marudio kadhaa mwanafunzi hujibu "chini kulia" na kuliita skafoidi. Ukigeuza mkono uonekane kwa nyuma, mfupa huo umehamia kushoto. Vitabu vingi navyo huchora mkono ukining'inia, vidole chini, kama mtu aliyesimama, ilhali picha ya eksirei kwa kawaida hutazamwa vidole vikiwa juu. Mfupa ni uleule, lakini pembe nne za picha zimebadilishana kazi.

Unaweza kujitambua kama umefika huko. Ukiona jibu limekutoka kabla jicho halijafuata mstari hadi kwenye mfupa, unaikumbuka picha. Kipimo cha uhakika ni kuchukua karatasi tupu na kuichora mifupa yote 8 bila kuangalia popote, kisha kuigeuza upande wa nyuma kwa kichwa. Atakayekwama kwenye kugeuza anazo kadi zisizo na faida kwake, hata kama programu inamwonesha asilimia nzuri.

Tiba yake ni kuwa na picha tatu za kitu kimoja, kila moja na vifuniko vyake: kiganja, nyuma ya mkono, na eksirei. Kadi zinakuwa 23 badala ya 8, na ongezeko hilo lina sababu. Pisifomu, kwa mfano, hukaa juu ya trikwetrali upande wa kiganja, na kwa hiyo kwenye mchoro wa nyuma haionekani. Kwenye eksirei iliyopigwa kwa kulaza kiganja, vivuli vya mifupa hiyo miwili hupandana. Aliyeijua kama "kiduara cha pembeni" atakitafuta asikione. Aliyeziona picha zote tatu hulazimika kushika yale yasiyobadilika: skafoidi iko upande wa kidole gumba na inapakana na radiasi, kapitati ni mkubwa kuliko wote na umekaa katikati, hamati una ndoano inayoelekea kiganjani.

Jina tupu pia hubanduka haraka. Nyuma ya kadi kuna sehemu iitwayo `Back Extra`, na sentensi moja pale hulipa jina kazi ya kufanya. Kwa skafoidi, sentensi hiyo inaweza kueleza kwamba ndio mfupa wa kifundo unaovunjika zaidi mtu anapoanguka na kujikinga kwa kiganja, na kwamba damu nyingi huuingia kutokea ncha ya upande wa vidole, hivyo ukivunjika katikati kipande cha upande wa radiasi huweza kukosa damu na kufa. Ufa wake huenda usionekane kwenye eksirei ya siku ya kwanza, ndiyo maana daktari hubonyeza shimo lililo chini ya kidole gumba, upande wa nyuma, na kuuliza kama panauma. Sentensi mbili zinatosha. Ukiandika aya nzima, baada ya siku chache hutaisoma tena.

Idadi ya majina kwenye picha moja nayo ina kikomo. Mchoro wa sakafu ya fuvu unaweza kuwa na majina zaidi ya 30. Ukiyafunika yote, picha hugeuka ukuta wa matofali, hasa kwenye kioo cha simu. Mimi hupendelea kuukata katika vipande vya majina 6 hadi 10, huku kila kipande kikiacha alama moja kubwa ya kumwonesha mtu yuko wapi. Jina ambalo hakuna atakayeliuliza lifutwe kwenye picha kabla halijawa kadi, kwa kuwa kila kadi ni deni litakalorudi kudaiwa.

Kadi hizi huuliza upande mmoja tu: hiki kinaitwaje? Mara nyingi swali la pili, trapezoidi iko wapi, hubaki bila jibu hata kwa anayelijibu la kwanza vizuri. Kwa hilo tengeneza kadi ya kawaida: mbele andika jina pamoja na picha isiyo na neno lolote, nyuma weka picha yenye jina. Weka kidole kwenye kioo kabla ya kugeuza. Pisifomu unaweza kuitafuta kwenye mkono wako mwenyewe, ni kinundu kigumu kilicho chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho.

Anayesomea ufundi wa magari hukutana na mtego huohuo. Mchoro wa silinda ya injini ya mipigo minne huweka vali mbili juu ya pistoni, na kama kwenye notsi vali ya kuingiza hewa iko kushoto, kadi itamfundisha kushoto. Karakanani silinda hedi imelazwa kifudifudi, vali zimetolewa na kuwekwa kwenye trei. Kinachozitenganisha hapo ni kwamba, kwa kawaida, kichwa cha vali ya kuingiza ni kipana zaidi, na ya kutolea moshi imebabuka rangi kwa joto. Picha ya kufunika katika somo hilo ni ya ile trei, iliyopigwa vali zikiwa zimechanganywa.