Bonasi ya Elfu Moja Ina Thamani Gani?

Weka shilingi 1,000, nasi tunakuongezea 1,000. Tangazo la namna hii mpenzi wa kubeti hulikuta karibu kila anapofungua akaunti mpya. Akiweka pesa, salio linasoma 2,000 papo hapo, lakini akijaribu kutoa ile elfu ya pili, mtambo unagoma. Akirudi kwenye maandishi madogo anakuta masharti kama haya: bonasi izungushwe mara 5 kabla ya kutolewa, kwa mikeka yenye mechi tatu au zaidi, kila mechi iwe na odi isiyopungua 1.40, ndani ya siku 30.

Wengi husoma masharti hayo kama utaratibu wa ofisini, kitu cha kukubali kwa kubonyeza ili mambo yaendelee. Ukweli ni kwamba hapo ndipo bei ya bonasi ilipoandikwa. Bei hiyo inaweza kuhesabiwa kwa kalkuleta ya simu kabla hujatuma hata shilingi, na anayeijua bei anaweza kuamua kama bidhaa inafaa.

Kuzungusha mara 5 maana yake ni kwamba madau yote utakayoweka, ya kushinda na ya kupoteza, yakijumlishwa yafike mara tano ya kiasi kilichotajwa. Kama kinachozungushwa ni bonasi peke yake, elfu moja mara tano ni 5,000. Huhitaji kuwa na 5,000 mfukoni, kwa sababu pesa ileile inayorudi kwenye mkeka ulioshinda inawekwa tena na kuhesabiwa tena. Ndiyo maana ya neno kuzungusha.

Kila mara pesa inapozunguka, kampuni inabaki na kipande chake. Kipande hicho hakikatwi waziwazi kama ada ya kutuma pesa, kimefichwa ndani ya odi. Chukua mechi moja iliyopangwa hivi: wenyeji 2.10, sare 3.20, wageni 3.40. Tuseme unataka kuwa na uhakika wa kupokea shilingi 100 mechi iishe inavyoisha. Utagawanya 100 kwa kila odi: kwa wenyeji utaweka 47.62, kwa sare 31.25, kwa wageni 29.41. Jumla ni 108.28. Yaani umelipa 108.28 ili urudishiwe 100. Ukigeuza hesabu, kila shilingi 100 inayopita kwenye mechi hii inarudisha kwa wastani 92.35, na 7.65 inabaki kwa kampuni. Mechi kubwa za Ulaya mara nyingi zina makato madogo kuliko haya, na ligi zisizofuatiliwa sana huwa na makubwa zaidi. Usikisie. Fanya mgawanyo huo mwenyewe kwa mechi unazobeti.

Sasa tunaweza kupata kile ambacho wanahesabu wanakiita thamani tarajiwa, yaani wastani wa faida au hasara kama ofa ileile ingechezwa mara nyingi mno. Chukua bonasi, toa hasara ya kuizungusha. Kama sharti lingeruhusu mechi mojamoja, madau ya 5,000 yangekugharimu asilimia 7.65, yaani shilingi 382 hivi. Bonasi ni 1,000. Inabaki faida ya wastani ya 618. Hiyo ni ofa nzuri, na ndiyo sababu hutaiona mara nyingi.

Utakachokiona ni lile sharti la mechi tatu. Unapounganisha mechi kwenye mkeka mmoja, odi zinazidishwa, na hilo kila mtu analijua kwa sababu ndiyo raha ya mkeka. Lisilosemwa ni kwamba makato nayo yanazidishwa. Mechi ya kwanza inarudisha 92.35 kati ya 100, ya pili inakata kwenye hiyo 92.35, ya tatu inakata kwenye kilichobaki. Piga 0.9235 mara tatu kwa yenyewe, unapata 0.788. Kwa hiyo mkeka wa mechi tatu unarudisha kwa wastani shilingi 79 kwa kila 100, na kampuni inabaki na zaidi ya 21. Rudia hesabu: 5,000 kwa asilimia 21.2 ni 1,060. Bonasi ya 1,000 imeliwa yote na shilingi 60 zimetoka kwako.

Kiasi cha bonasi hakikubadilika, wala mara 5 haikubadilika. Maneno manne tu, "mechi tatu au zaidi", yamegeuza zawadi ya 618 kuwa deni. Kwa maoni yangu hapo ndipo msomaji wa masharti angetakiwa kuweka jicho kwanza, kabla hata ya kutazama kiasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna njia ya mkato inayokuepusha na hesabu ndefu. Gawanya 100 kwa makato ya asilimia ya mchezo unaoruhusiwa. Jibu ndilo idadi ya mizunguko inayomaliza bonasi yote. Kwa mechi mojamoja yenye makato ya 7.65, jibu ni 13: chini ya mara 13 ya bonasi kuna faida ya wastani, juu yake hakuna. Kwa mkeka wa mechi tatu jibu ni 4.7, ndiyo maana mara 5 ilituangusha kwa kidogo. Kwa sloti ya kasino inayotangaza kurudisha asilimia 96, makato ni 4 na jibu ni 25. Bonasi za kasino zenye sharti la mara 35 si ngeni, nazo tayari ziko upande wa hasara. Uingereza mdhibiti wa kamari ameweka kikomo: tangu Januari 19, 2026, bonasi haiwezi kudaiwa kuzungushwa zaidi ya mara 10. Kwa sloti ya asilimia 96, mara 10 ina maana ya kupoteza 400 kwa kila bonasi ya 1,000, na 600 inabaki kwa mchezaji.

Njia hiyo ya mkato inafanya kazi pale tu unapojua kinachozidishwa ni kipi. Baadhi ya kampuni huandika "bonasi", nyingine "amana na bonasi". Tofauti inaonekana ndogo kwenye sentensi, lakini kwenye hesabu inaongeza mzigo maradufu: mara 5 ya 2,000 ni 10,000. Kwa mechi mojamoja hasara ya kuzungusha inapanda hadi 765 na faida inashuka hadi 235. Kwa mikeka ya mechi tatu inafika 2,120, kiasi kinachozidi salio lote ulilonalo. Hesabu kama hiyo haisemi kwamba utadaiwa. Inasema kwamba mchezaji wa kawaida atafilisika kabla hajamaliza kuzungusha. Hapo tuwe wakweli kwa kampuni pia: anayefilisika mapema hakuzungusha yote, kwa hiyo hakulipa makato yote, na hawezi kupoteza zaidi ya elfu moja aliyoweka. Hesabu yetu rahisi inazidisha kidogo ubaya wa ofa mbaya. Lakini ofa mbaya haigeuki kuwa nzuri kwa sababu hiyo.

Halafu ipo kodi. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2025, pesa inayoingia kwenye akaunti ya kubeti inatozwa asilimia 5 na inayotoka inatozwa asilimia 5. Turudi kwenye ile ofa ya mechi mojamoja iliyobakiwa na faida ya 235. Kuweka elfu moja kunagharimu kama 50. Ukimaliza, salio la wastani ni 1,235, na kulitoa kunakata 60 na ushee. Faida imeshuka hadi kama 120. Bado ni chanya, lakini ukiongeza ada ya kutuma na kutoa kwa simu, na muda wa kuchagua mechi kwa wiki kadhaa, mtu ana haki ya kuuliza kama inafaa kusumbukia. Nchi nyingine zina viwango na namna zake za kutoza, kwa hiyo weka za kwako.

Wastani nao una hila yake. Kampuni ina maelfu ya wachezaji, kwa hiyo inakaa karibu na wastani kila mwezi. Wewe una bonasi moja. Tuseme unacheza mikeka ya mechi tatu, kila mechi odi 1.40, dau la 500. Kwa makato tuliyoyaona, kila mechi ina nafasi ya asilimia 66 hivi ya kwenda sawa, na zote tatu kwa pamoja ni asilimia 29 tu. Mechi ambazo kila mtu kijiweni anaziita za uhakika, mkeka wake unachanika mara saba katika kumi. Salio la 2,000 linabeba mikeka minne ya 500. Uwezekano wa yote minne kuchanika mfululizo, kabla hujaona ushindi hata mmoja, ni asilimia 26, yaani zaidi ya mmoja kati ya watu wanne. Ukishusha dau hadi 100, hatari hiyo ya kuishiwa mapema inapungua sana. Wastani wa hasara kwa kila shilingi inayozunguka haubadiliki, ila utahitaji mikeka mingi zaidi kabla siku 30 hazijaisha, na siku zikiisha bonasi inafutwa pamoja na ulichoshinda nayo.

Ukishajua makato, kinachozidishwa na kodi, yamebaki masharti machache yanayoweza kubomoa hesabu nzima. La kwanza ni bonasi isiyotoka kabisa: unazungusha, unashinda, na siku ya kutoa ile elfu inaondolewa kwenye salio. Bonasi ya aina hiyo usiihesabu kama 1,000. La pili ni kikomo cha ushindi, ambapo hata ukifika 8,000 unaruhusiwa kutoa 3,000. Wastani wetu wote ulijengwa juu ya wale wachache wanaoshinda vikubwa. Wakikatwa kichwa, wastani unaanguka. La tatu ni michezo isiyohesabiwa kikamilifu, kwa mfano mchezo wa karata unaohesabiwa asilimia 10 tu ya dau, hivyo mara 30 inakuwa mara 300. Na kubeti pande zote mbili za mechi ili kupunguza hatari mara nyingi kumekatazwa, na anayekamatwa hunyang'anywa bonasi.

Sharti moja linaweza kukufaa. Kampuni nyingine hutumia pesa yako kwanza na bonasi baadaye. Ukishinda vizuri kwa pesa yako, unaweza kuikataa bonasi na kutoa ushindi bila kuzungusha chochote. Nyingine hufunga vyote viwili tangu dakika ya kwanza. Kama masharti hayasemi wazi, waulize huduma kwa wateja kwa maandishi kabla ya kuweka pesa, na uhifadhi picha ya jibu.

Hesabu yote hii inaishia pale kipimo cha kuzungusha kinapofika asilimia 100. Hadi hapo bonasi ilikuwa inakulipia makato. Kuanzia dau linalofuata hakuna anayeyalipia: zile 7.65 katika kila 100, au 21 ukiendelea na mikeka, zinatoka kwenye pesa ambayo dakika hiyo ungeweza kuitoa.