Imetumwa, Lakini Imefika Wapi?

Neema ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Saa mbili na dakika kumi asubuhi anamtumia Salim wa Mombasa ankara ya saruji kwa barua pepe, na papo hapo kompyuta inamwambia "imetumwa". Salim anafungua simu, haoni kitu. Anapiga: "Dada, hiyo ankara hujaituma." Neema anaapa kwamba ameituma. Wote wawili wanasema kweli.

Neno "imetumwa" lina maana finyu kuliko tunavyolichukulia. Linasema tu kwamba seva ya upande wa Neema, yaani kompyuta inayoshughulikia barua za duka lake, imeipokea ankara. Seva huwa na milango yenye namba, kila huduma na mlango wake. Neema amepitia mlango namba 587, ambako seva humdai nywila kabla ya kumpokelea chochote. Salim hajaguswa bado.

Sasa seva ya Neema inatazama kilichoandikwa baada ya alama ya @ katika anwani ya Salim, tuseme bandari.example. Inaliuliza daftari la majina la intaneti, DNS, ni seva ipi inayopokea barua za jina hilo. Jibu huja katika rekodi ziitwazo MX, na kila seva inayotajwa ina namba ya kipaumbele. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Ikiwa haipatikani, inafuata nyingine. Kisha seva ya Neema inabisha mlango namba 25 wa seva ya Salim, na mazungumzo yanaanza kwa lugha ya SMTP. Itifaki hiyo iliandikwa na Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California na kutolewa Agosti 1982. Imeongezewa mengi tangu hapo, ila kiini chake hakijabadilika. Nimeyafupisha mazungumzo yenyewe:

```
220 mx.bandari.example
EHLO seva.saruji.example
250 OK
MAIL FROM:<neema@saruji.example>
250 OK
RCPT TO:<salim@bandari.example>
250 OK
DATA
354
From: Neema <neema@saruji.example>
Subject: Ankara ya saruji
(barua yenyewe)
.
250 OK
```

Mistari yenye namba ni majibu ya seva ya Salim. Kinachopewa uzito ni namba, maneno yanayoifuata ni ya kumsaidia binadamu anayesoma. Nukta iliyo peke yake kwenye mstari ndiyo inayosema barua imekwisha, na ile 250 ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kwa kuitoa, seva ya Salim imeubeba mzigo: ikishindwa baadaye kuifikisha barua, inapaswa kumjulisha mtumaji. Kabla ya hapo mzigo ulikuwa wa seva ya Neema, nayo hairuhusiwi kuitupa nakala yake.

Utaona pia kwamba jina la Neema limetajwa mara mbili. Lile la MAIL FROM ni la bahasha, ambayo seva pekee ndizo huisoma. Lile la From ni la ndani ya barua, ndilo Salim ataliona. SMTP haidai majina hayo mawili yafanane, na mlango namba 25 hauulizi nywila, kwa sababu lazima seva yoyote duniani iweze kuleta barua kwa isiyemjua. Tapeli basi anaweza kuandika jina la benki yako pale kwenye From. Kinga zilikuja baadaye, zikapachikwa juu ya itifaki ya zamani: SPF hutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina fulani, DKIM hutia saini ndani ya barua, na DMARC hulinganisha hayo na jina linaloonekana kwa msomaji. Kwa maoni yangu ni viraka, ila viraka vinavyositiri.

Turudi kwa ankara. Asubuhi hiyo seva ya Salim haikujibu 250 mara ya kwanza. Ilijibu 451. Namba zinazoanza na 4 maana yake "sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye", na zinazoanza na 5, kama 550, maana yake "haiwezekani kabisa", kwa mfano anwani haipo. Seva nyingi humpa mgeni jibu la 4 makusudi, kwa kuwa mitambo mingi ya barua taka haina subira ya kurudi. Seva halisi huiweka barua foleni na kujaribu tena, na kanuni inashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Ndiyo maana taarifa ya kushindwa huweza kumfikia mtumaji Alhamisi kwa barua ya Jumapili.

Ucheleweshaji wa namna hii huacha alama. Kila seva inayopokea barua hubandika juu yake mstari unaoanza na Received, wenye jina lake na saa. Programu nyingi hukuruhusu kuiona mistari hiyo ukichagua kuonyesha chanzo cha barua. Isome kutoka chini kwenda juu. Katika barua ya Neema, mstari wa chini unasema 08:10, seva ya duka imepokea kutoka kwa kompyuta yake. Wa juu unasema 08:41, seva ya Salim imepokea kutoka kwa seva ya duka. Dakika 31 zimepotelea foleni. Linganisha saa za maeneo kabla ya kutoa, na kumbuka kwamba tapeli anaweza kubuni mistari ya chini. Wa kuaminika ni ule wa seva yako mwenyewe.

Saa tatu kasorobo, basi, ankara ilikuwa tayari kwenye sanduku la Salim, naye bado haioni. Hapa SMTP haina tena la kujibu, kwani kazi yake ilikwisha pale barua ilipowekwa sandukuni. Ni kama S.L.P. zetu: posta haikuletei barua nyumbani, unakwenda mwenyewe na ufunguo. Kwa kuchukua kuna itifaki nyingine, na zinazotumika sana ni mbili.

POP, ambayo toleo lake la kwanza ni la 1984, inapakua barua kwenye kifaa chako na kwa kawaida inaifuta kwenye seva. Ilifaa enzi ambazo mtu alikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kulipia kwa dakika. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986, inaiacha barua kwenye seva, na kila kifaa kinaona sanduku lilelile, hata alama ya kwamba imesomwa.

Simu ya Salim inatumia IMAP. Lakini ofisini kuna kompyuta ya zamani iliyowekewa POP, ambayo kila baada ya dakika chache huchota barua zote na kufuta. Ankara ilikaa sandukuni muda mfupi tu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta hiyo, na simu ilipofika ikakuta sanduku tupu.

Kama barua zako zinaonekana kifaa kimoja na kukosekana kingine, fungua mipangilio ya barua zinazoingia kwenye kila kifaa na utazame namba ya mlango: 110 au 995 ni POP, 143 au 993 ni IMAP. Ukikuta POP, washa kwanza chaguo la kuacha nakala kwenye seva, kisha panga kuhamia IMAP. Na ikiwa unapokea vizuri lakini kutuma kunagoma, usiguse mipangilio hiyo; kagua ya SMTP, maana ni njia nyingine kabisa.